Orodha ya Watoro wa Chanjo: Nani Anaingia, Nani Anatoka

(Hotuba iliyotolewa Kigoma mbele ya waganga wafawidhi wa zahanati, wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na watendaji wa vijiji vya mwambao.)

Ndugu mwenyekiti, Mratibu wetu wa Chanjo, waganga wafawidhi, wauguzi, wahudumu wa afya, watendaji, itifaki izingatiwe.

Nimeombwa nieleze namna ya kuitoa rejista ya watoto kwenye karatasi, kuiingiza kwenye kompyuta, na kupata tarehe za miadi pamoja na orodha ya watoto waliokosa chanjo. Kuingiza majina ni kazi ya mikono, na mnaiweza. Mimi nataka nitumie muda wangu mwingi kwenye swali moja linalorukwa haraka: jina la mtoto linaingiaje kwenye orodha ya watoro, na linatokaje? Orodha inayotaja watoto ambao hawajakosa kitu ni mbaya kuliko kutokuwa na orodha. Mhudumu wa afya akishapanda milima mara mbili tatu kufuata majina ya uongo, ile ya nne ataikunja na kuiweka chini ya godoro. Na hapo ndani ndimo alimo mtoto ambaye kweli hajachanjwa.

Tuanze na rejista yenyewe. Kitabu cha MTUHA namba 7 kila mmoja wetu anakijua: mtoto anaandikwa mara moja, mstari mmoja, na chanjo zake zinajazwa kwenda kulia kadiri anavyokua. Kwa maandishi ni mpango mzuri. Kwa siku ya kliniki yenye akina mama sitini kwenye benchi ni mtihani, kwa sababu mtoto anayekuja kwa chanjo ya Penta ya tatu aliandikwa kurasa nyingi nyuma. Nesi anapaswa kurudi nyuma amtafute. Akiwa peke yake, anachofanya ni kupiga mstari kwenye karatasi ya tali, anaandika kwenye kadi ya mama, na rejista anasema ataijaza jioni. Jioni haifiki.

Kwa hiyo kabla hujanakili hata jina moja, chukua mwezi mmoja uliopita. Hesabu kwenye rejista ni watoto wangapi wana tarehe ya Penta 3 ndani ya mwezi ule, kisha tazama tali ya mwezi uleule. Tali ikisema 40 na rejista ikaonyesha 26, basi una watoto 14 waliochanjwa ambao kompyuta yako itawaita watoro. Hakuna fomula itakayokuokoa hapo. Anza kwa kujaza mashimo kutoka kwenye kadi, kila mama anapokuja, na orodha yako ya kwanza ichukulie kuwa ni orodha ya kukagua rejista. Usimtume mtu nyumbani kwa orodha hiyo.

Katika kunakili, safu zangu ni hizi. A ni namba ya rejista. B ni jina la mtoto na la mama. C ni kituo anachochanjiwa: zahanati, au kijiji cha mkoba, yaani kile tunachokipelekea chanjo kwa safari. D ni tarehe ya kuzaliwa. E ni BCG, F Penta 1, G Penta 2, H Penta 3, I surua-rubela ya kwanza, J ya pili. Pembeni naweka kitongoji na simu. Nimechagua Penta kwa sababu ndiyo inayobeba ziara: mtoto wa wiki 6, 10 na 14 anapokuja kwa Penta, anapata pia polio na nimonia, na kwenye ziara za mwanzo ile ya kuhara ya rota. Siku ambayo chanjo mojawapo haikuwepo kwenye friji, andika upungufu huo kwenye safu ya maelezo, maana tarehe ya Penta peke yake itakuficha.

Jina la mama naliandika kila mara, na nina sababu. Mtoto anapopewa BCG siku anapozaliwa, mara nyingi hajapewa jina. Anaandikwa "mtoto wa" fulani. Wiki ya sita anarudi ana jina lake, mwandishi hampati nyuma, anamfungulia mstari mpya. Sasa una watoto wawili kwenye karatasi: mmoja ana BCG tu na hatakuja milele, mwingine ana Penta zote lakini hana BCG. Watafute kwa kupanga karatasi kwa tarehe ya kuzaliwa, kisha soma majina ya mama. Mistari miwili yenye tarehe moja, mama mmoja na kitongoji kimoja ni mtoto mmoja, isipokuwa wawe pacha, na pacha huku kwetu hawafichiki.

Jambo la kutonakili: kama rejista yako ina safu ya hali ya VVU ya mama, iache kwenye kitabu. Haihitajiki kukokotoa tarehe ya chanjo hata moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja, na hata bila sheria, karatasi hii itachapwa na itapita mikononi mwa watu. Ndiyo maana pia siungi mkono kutupia majina ya watoto kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Nimeona ikifanyika kwa nia njema kabisa, na akina mama wawili wakahama kliniki kwa aibu.

Kuhusu tarehe, kuna hila moja ya kompyuta mnayopaswa kuijua. Kompyuta nyingi mpakato zinakuja zimepangwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. Ukiandika 18/3/2024, kompyuta inatafuta mwezi wa 18, haiupati, inaiacha kama maneno tu. Utaitambua kwa sababu inakaa upande wa kushoto wa kisanduku, na fomula yoyote ikiigusa inatoa `#VALUE!`. Hiyo inapiga kelele, utaiona. Ya hatari ni ile isiyopiga kelele: ukiandika 10/1/2024, ukimaanisha kumi Januari, kompyuta inaipokea kwa furaha kuwa tarehe moja Oktoba. Inakaa kulia vizuri kama tarehe halali. Ukikuta kwenye safu yako baadhi ya tarehe zimekaa kushoto na nyingine kulia, usiwarekebishe wale wa kushoto peke yao. Wale wa kulia ndio waliogeuzwa. Badilisha mpangilio wa kompyuta uwe siku kwanza, na uandike upya zote.

Halafu weka safu ya kujihoji:

```
=F2-D2
```

Hiyo ni idadi ya siku tangu kuzaliwa hadi Penta 1. Ikiwa chini ya 42, au hasi, au mamia ya siku, fungua kitabu utazame. Ukikuta ni kweli alichanjwa kabla ya siku 42, mwone mratibu, kwa sababu dozi ile haihesabiwi.

Sasa tufike kwenye tarehe ya miadi. Hapa ndipo karatasi nyingi nilizoziona zinakosea, nazo zinakosea kwa namna moja. Mtu anachukua tarehe ya kuzaliwa, anaongeza wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, miezi 18, anapata tarehe tano kwa mkupuo, anafurahi. Ratiba ya ukutani imeandikwa hivyo, kweli. Lakini ratiba ina kanuni ya pili ambayo haionekani vizuri pale ukutani: kati ya Penta moja na nyingine lazima zipite angalau wiki 4, yaani siku 28. Kwa mtoto aliyekuja kwa wakati kanuni mbili zinatoa tarehe moja. Kwa mtoto aliyechelewa zinaachana. Na sisi hapa tunamfuatilia nani, kama si aliyechelewa?

Nimewatungia mtoto wa mfano, si mtoto wa mtu, tumfuate hatua kwa hatua. Amezaliwa Jumatano tarehe 10 Januari 2024, katika kijiji cha mwambao kinachofikiwa na mkoba mara moja kwa mwezi, Alhamisi ya pili. Penta 1 ilimfika siku 42 baadaye, tarehe 21 Februari. Mama hakuwepo. Alikuwa mjini kumuuguza mzazi wake, na mtoto akaja kupewa Penta 1 kwenye kituo cha mjini tarehe 18 Machi. Kisha wakarudi kijijini.

Karatasi ya tarehe ya kuzaliwa peke yake inasema Penta 2 ni wiki ya 10, tarehe 20 Machi. Siku mbili baada ya Penta 1! Ukiweka na subira ya siku 14, tarehe 4 Aprili mtoto huyu ameshaandikwa mtoro. Mhudumu wa afya anatumwa, anamleta mama kwenye mkoba wa tarehe 11 Aprili, nesi anaona jina lipo kwenye orodha ya watoro, anamchanja. Tangu Penta 1 zimepita siku 24. Dozi imetolewa mapema, haihesabiki, inabidi irudiwe, na kila mtu katika mnyororo huo alifanya alichoambiwa.

Fomula inayochukua kanuni zote mbili ni hii, iweke safu ya K:

```
=IF(F2="",D2+42,IF(G2="",MAX(D2+70,F2+28),IF(H2="",MAX(D2+98,G2+28),"")))
```

Inasomeka hivi: kama Penta 1 haipo, miadi ni siku ya 42. Kama ipo na ya pili haipo, chukua iliyo mbele zaidi kati ya siku ya 70 ya umri na siku ya 28 tangu Penta 1. Vivyo hivyo kwa ya tatu. Kwa mtoto wetu inatoa tarehe 15 Aprili. Mtoto hata achelewe miezi, haturudi kuanza upya. Tunaendelea pale alipoishia, na fomula inafanya hivyohivyo bila kuambiwa.

Surua-rubela inahesabiwa kwa miezi, kwa hiyo tumia `=EDATE(D2,9)` kwa ya kwanza na `=MAX(EDATE(D2,18),I2+28)` kwa ya pili. Na polio ile ya kuzaliwa isiingie kwenye ufuatiliaji kabisa: ikipita siku ya 14 haitolewi tena, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa nyumbani akaikosa atakaa kwenye orodha yako mpaka aoe. BCG nayo iwe na mwisho wake, mtoto akitimiza mwaka.

Tumepata tarehe 15 Aprili. Je, tarehe 16 mtoto asipoonekana ni mtoro? Kwenye zahanati inayochanja kila siku ya kazi, mpe wiki mbili, na ikipita hapo mfuate. Huko ziwani mambo ni mengine. Mkoba wa Aprili ulikuwa tarehe 11, siku nne kabla ya miadi. Mama akija siku hiyo, nesi makini anamrudisha, na ana haki. Mkoba unaofuata ni Alhamisi tarehe 9 Mei. Lakini karatasi yenye subira ya siku 14 inamwandika mtoro tarehe 30 Aprili. Mwambie huyo mama ametoroka nini? Tangu mtoto wake afikishe miadi, boti ya chanjo haijatia nanga pale kijijini hata mara moja.

Kwa hiyo kanuni yangu kwa vijiji vya mkoba ni moja: mtoto anaingia kwenye orodha pale tu kikao cha chanjo kimefanyika kituoni kwake, baada ya miadi yake kufika, naye hakuonekana. Hatuhesabu siku, tunahesabu vikao.

Kompyuta inaliweza hilo. Fungua ukurasa wa pili, uuite `vikao`. Safu A andika tarehe za vikao, safu B jina la kituo, lifanane herufi kwa herufi na ulivyoandika safu C kwa watoto. Kisha safu ya L:

```
=IF(K2="","",MINIFS(vikao!A:A,vikao!A:A,">="&K2,vikao!B:B,C2))
```

Inatafuta kikao cha kwanza cha kituo kile kuanzia siku ya miadi. Na safu ya M:

```
=IF(L2="","",IF(L2=0,"HAKUNA KIKAO",IF(TODAY()>L2,"FUATILIA","BADO")))
```

`MINIFS` ipo kwenye Excel ya 2019 na zilizofuata. Ya zamani haina. Maneno "HAKUNA KIKAO" yakitokea, ama hujaandika vikao vya mbele, ama jina la kijiji umeliandika kwa namna mbili, mara na nafasi katikati mara bila.

Ukurasa huu wa vikao unataka uaminifu kuliko kurasa nyingine zote. Upepo ukivuma boti isitoke, mafuta yakikosekana, chanjo zikiisha, ifute tarehe ile. Siyo kuandika "kimeahirishwa" pembeni; ifute, na kama kimehamishiwa siku nyingine andika hiyo mpya. Ukiiacha, kesho yake kompyuta itawaita watoro watoto wote wa kijiji kizima kwa safari ambayo sisi ndio hatukwenda. Nikiona orodha imeruka ghafla kutoka watoto watano hadi thelathini kwa kijiji kimoja, swali langu la kwanza ni: kikao kilifanyika?

Niseme kidogo kuhusu Alhamisi ya pili, kwa sababu waganga wafawidhi ndio mnaopanga. Kati ya Alhamisi ya pili ya mwezi mmoja na ya mwezi unaofuata kuna siku 28 au 35, haipungui, kwa hiyo mtoto aliyepewa Penta 1 kwenye mkoba anaweza kupewa ya pili kwenye mkoba unaofuata. Lakini kwa makambi ya dagaa Alhamisi ina shida yake: inaweza kuangukia katikati ya giza, usiku taa zipo ziwani, mchana akina mama wako mchangani wanaanika. Zahanati inayopanga mkoba wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika, inawakuta watu. Na hesabu haivunjiki, kwani kutoka mbalamwezi hadi mbalamwezi ni siku 29 au 30. Kazi yako ni kuziandika tarehe hizo mapema kwenye `vikao`, basi.

Turudi kwa mtoto wetu. Tarehe 9 Mei akapewa Penta 2. Penta 3 inafika siku 28 baadaye, tarehe 6 Juni, na kikao cha kwanza baada ya hapo ni tarehe 13 Juni. Lakini mnakumbuka mwaka ule: ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Makambi yakatawanyika. Mkoba wa tarehe 13 Juni ukafika, mtoto hayupo, na tarehe 14 safu ya M ikaandika FUATILIA. Safari hii orodha imesema kweli: kikao kilifanyika, miadi ilifika, mtoto hakuja.

Mhudumu wa afya anakwenda, anakuta nyumba imefungwa. Jirani anasema wamekwenda Kasulu kwa bibi. Je, jina litoke? Hapana, bado. Kuhama kwa maneno ya jirani si chanjo. Mwandikie kwenye safu ya maelezo "yuko Kasulu", piga simu kama namba ipo, mwambie mama aende na kadi kituo chochote cha karibu, atachanjwa. Jina libaki. Kama mama amehamia moja kwa moja na kituo cha huko kimethibitisha kumwandika, hapo unaandika AMEHAMIA na fomula ya M unaizuia isimtaje.

Mtoto wetu alichanjwa Penta 3 huko tarehe 15 Julai. Septemba, ziwa limeshafunguliwa, familia imerudi, na tarehe 12 mama anakuja na kadi yake kwenye mkoba. Hapa kuna kosa linalofanyika kimyakimya. Nesi anatazama kadi, anaona Penta 3 ipo, anasema "sawa mama, mtoto yuko vizuri, tutaonana mwezi ujao kwa surua," na anamwita anayefuata. Hakuna chanjo iliyotolewa, kwa hiyo hakuna kilichoandikwa. Mtoto aliyekamilika anabaki kwenye orodha, na wiki ijayo mhudumu anagonga mlango uleule. Tarehe ya kwenye kadi ihamishiwe kwenye rejista na kwenye karatasi, na pembeni iandikwe KWINGINE. Ila usimpige tali. Kasulu walishamhesabu, ukimhesabu tena, dozi moja imeingia kwenye takwimu za mkoa mara mbili.

Kadi ndiyo inayoamua ugomvi. Kwa hiyo nawasihi wahudumu wa afya, ukifika nyumbani usianze na "mbona hukuja kliniki?" Anza na "hodi hapa, habari za mtoto, naomba kuiona kadi yake." Mara nyingi kadi itakujibu kabla mama hajafungua mdomo. Kama mtoto alipata matone au sindano kwenye kampeni, mfano ile ya polio ya Septemba 2023 iliyopita mikoa ya magharibi na kusini magharibi, usiijaze kwenye safu za ratiba. Dozi ya kampeni ni nyongeza. Ile ya kawaida bado anaidai.

Kisha uliza sababu, na iandike kwa maneno machache. Mojawapo naitafuta kuliko zote, nayo mama huitaja kwa sauti ya chini kwa kuogopa kumsema nesi: "nilikuja, nikaambiwa nirudi." Mara nyingi ni surua-rubela. Kichupa kina dozi 10, kikishachanganywa kinatakiwa kitupwe baada ya saa 6 au kikao kikiisha, lolote litakalotangulia. Wamekuja watoto wawili, nesi anaona dozi 8 zitamwagika, mwisho wa mwezi ataulizwa. Anawarudisha. Namwelewa, lakini mwongozo uko wazi: fungua kichupa hata kwa mtoto mmoja. Mama aliyetoka mbali akarudishwa harudi kirahisi, na kwenye orodha anaonekana yeye ndiye mtoro. Waganga wafawidhi, safu ya sababu ikionyesha "alirudishwa" mara tatu kwa mwezi, tatizo mnalo humo ndani ya zahanati, wala msitume mtu nyumbani.

Lipo jambo moja zito nisilotaka kulipita. Mtoto anaweza kuwa amefariki na rejista haijui. Mhudumu anabisha hodi, anaomba kadi ya mtoto aliyezikwa mwezi uliopita. Hilo likitokea mara moja kijijini, linakumbukwa miaka. Kwa hiyo kabla orodha haijatoka kwenda nyumba kwa nyumba, mhudumu akae na mwenyekiti wa kitongoji chake wayapitie majina pamoja, wawili tu, kwa mdomo. Mwenyekiti anajua msiba ulikuwa wapi, anajua nani amehama, na anajua mama yupi siku hizi anaitwa kwa jina la mtoto wa pili. Dakika ishirini hizo hupunguza majina mengi kuliko fomula zangu zote. Aliyefariki aandikwe, na jina lake lisichapwe tena.

Mtu mmoja ameniuliza nje pale kama kazi hii inashindana na mfumo wa taifa wa kielektroniki, TImR. Haishindani. Kama kituo chako kinautumia na unakubali, orodha yako itoke humo, na yote niliyosema kuhusu kikao na kadi yanabaki vilevile. Karatasi hii ni kwa vituo ambako kitabu ndicho kinachotembea. Usiunde mifumo miwili ambayo nesi mmoja anaijaza usiku. Utaishia na miwili mibovu.

Sasa mzunguko wa mwezi, niwaachie na kazi. Siku inayofuata kikao, ingiza tarehe zote kutoka kwenye rejista. Usichape chochote kabla ya hapo, maana safu ya M inatazama tarehe ya leo, na kila mtoto aliyekuja jana ambaye hujamwingiza inamwita mtoro. Ukishaingiza, chuja FUATILIA, panga kwa kitongoji, chapa ukurasa mmoja kwa kila mhudumu, wapitie na wenyeviti, watoke. Karatasi zirudi na sababu pamoja na tarehe za kwenye kadi kabla ya kikao kingine.

Na siku mbili kabla ya kikao hicho, chuja kwa namna nyingine: nani miadi yake imefika au itafika kabla ya siku ile, kijiji kwa kijiji, pamoja na wale waliobaki nyuma. Hesabu wa surua-rubela, gawanya kwa 10, panda juu. Watoto 13 ni vichupa viwili, ongeza kimoja cha tahadhari kwa ambao hawamo kwenye kitabu chako. Hao wapo kila mara, mwambao huu watu wanatoka hadi ng'ambo ya ziwa. Mtoto wetu wa mfano alitimiza miezi 9 tarehe 10 Oktoba 2024, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi ya pili. Nesi aliyechuja karatasi yake Jumanne alijua tayari kwamba anakuja, na alijua abebe vichupa vingapi.

Mratibu ana nakala ya karatasi tupu yenye fomula hizi kwenye flashi. Waliokuja na kompyuta wabaki, tutaanza na kijiji kimoja kimoja, na kila mtu afungue kitabu chake cha mwezi uliopita na tali yake.